Blogu Kukubaliwa na AdSense, na Hesabu ya Kila Kurasa Elfu

AdSense, mtandao wa matangazo ambao Google iliuanzisha mwaka 2003, umekaa kati ya kampuni zenye bidhaa za kutangaza na wenye blogu wenye nafasi ya kuyaweka matangazo hayo. Msomaji anapofungua ukurasa, nafasi iliyoachwa wazi huingizwa mnadani, kampuni hushindana bei kabla hata sekunde moja haijatimia, na tangazo la aliyeshinda ndilo linalotokea. Mwenye blogu hupata sehemu ya bei hiyo. Tangu mwanzoni mwa 2024 hesabu hufanywa kwa tangazo kuonyeshwa, si kwa kubofywa kama zamani: ada ya upande wa wanunuzi hukatwa kwanza, kisha mwenye blogu hupewa asilimia 80 ya kinachobaki.

Ili kuingia, mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 18, awe ndiye mwenye maudhui, na aweze kuhariri msimbo wa tovuti yake. Lugha nayo huangaliwa. Google ina orodha ya lugha ambazo AdSense inazipokea, na ni busara kuipitia orodha hiyo kabla ya kujaza fomu. Idadi ya makala au ya wasomaji haimo katika masharti. Zile habari zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba lazima makala zifike 30 au blogu iwe na miezi sita, ni uzoefu wa watu uliogeuzwa kuwa sheria. Blogu yenye makala chache nzuri inaweza kupita, na yenye mamia ikakataliwa.

Wengi hukwama kwenye jibu moja, ambalo kwenye skrini husomeka "Low value content", yaani maudhui hayana thamani ya kutosha. Mfano mzuri ni blogu za ajira, ambazo Tanzania zimejaa tele. Mwenye blogu huchukua tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hulinakili neno kwa neno, huweka kichwa cha habari chenye maneno "Nafasi za Kazi", na chini yake kiungo cha kupakua PDF. Tangazo hilohilo, siku hiyohiyo, linakuwa limeshabandikwa kwenye blogu nyingine nyingi. Anayekagua haoni sababu ya kuihesabu nakala moja zaidi kuwa ni kazi ya mtu, na kwa kweli hata msomaji haioni.

Ukurasa huohuo hubadilika pale mwandishi anapoongeza kile ambacho mwombaji kazi hakipati kwenye PDF. Matangazo ya Sekretarieti, kwa mfano, huwa na sharti kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya cheti chenyewe. Waombaji wengi hulipita sharti hilo bila kulisoma, halafu wanashangaa kutoitwa kwenye usaili. Makala inayoeleza sharti hilo kwa lugha nyepesi, ikaonyesha namna ya kuthibitisha vyeti kwa wakili, jinsi ya kuvipakia kwenye Ajira Portal bila faili kukataa, na nini cha kufanya kama jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la kwenye cheti cha shule, hiyo ina thamani. Tangazo la kazi litakufa siku ya mwisho ya maombi. Makala hiyo itaendelea kusomwa kila awamu ya ajira.

Kwa hiyo anayetengeneza blogu iliyokataliwa ana kazi ya kufuta zaidi kuliko ya kuandika. Matangazo yaliyopitwa na tarehe huondolewa au huunganishwa katika kurasa chache. Kategoria zisizo na kitu ndani hufutwa, na viungo vya menyu vinavyoishia kwenye ukurasa mtupu hurekebishwa. Halafu huwekwa ukurasa wa faragha, ambao ni sharti, kwa kuwa matangazo hutumia vidakuzi na msomaji anapaswa kujulishwa. Ukurasa wa kueleza nani anaandika na namna ya kumpata nao husaidia. Kuomba tena bila kubadilisha chochote huleta jibu lilelile.

Upande wa ufundi ni mfupi. Msimbo huu hubandikwa kati ya `<head>` na `</head>`, namba ya mwombaji ikiwa mahali pa sifuri:

```html
<script async src="https://pagead2.googlesyndication.com/pagead/js/adsbygoogle.js?client=ca-pub-0000000000000000" crossorigin="anonymous"></script>
```

Kisha faili liitwalo `ads.txt` huwekwa kwenye mzizi wa tovuti, likiwa na mstari huu:

```
google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0
```

Faili hilo huwaambia wanunuzi kwamba aliyetajwa ndiye ana haki ya kuuza nafasi za tovuti hiyo, ili mwingine asijifanye ndiye mwenyewe. Likikosewa hata tarakimu moja, mapato hupungua kimyakimya huku kila kitu kikionekana kinafanya kazi. Ukaguzi kwa kawaida huchukua siku chache, na mara nyingine wiki mbili hadi nne. Tovuti iliyopita huandikiwa "Ready", na yenye kasoro huandikiwa "Needs attention".

Baada ya hapo huanza hesabu ambayo kwenye ripoti huitwa "Page RPM": mapato yakigawanywa kwa idadi ya kurasa zilizofunguliwa, kisha yakizidishwa kwa elfu moja. Tuseme blogu ya ajira imefunguliwa kurasa 40,000 kwa mwezi na imeingiza dola 24. Kila kurasa elfu zimeleta senti 60 za dola. Kiasi hicho kina vipande viwili, na kisipopasuliwa hakimfundishi mtu kitu. Kama kila ukurasa una matangazo matatu, basi matangazo elfu moja yameuzwa kwa wastani wa senti 20, na tatu mara 20 ndiyo 60. Aidha idadi ya matangazo iongezeke, au bei ya kila moja ipande.

Wengi hukimbilia idadi. Google iliondoa kikomo cha matangazo matatu kwa ukurasa mwaka 2016, ingawa matangazo bado hayaruhusiwi kuzidi maudhui. Tuseme basi mwenye blogu anayafanya kuwa sita. Ya chini hayaonwi na mtu, ukurasa unakuwa mzito kwa anayetumia bando, na bei ya wastani inashuka hadi senti 11. Page RPM inapanda na kuwa senti 66, na mwenye blogu anafurahi. Lakini wasomaji wanaochoka kusubiri hawafungui ukurasa wa pili, na kurasa zinapungua hadi 34,000. Mapato ya mwezi yanakuwa dola 22.44, chini ya yale ya mwanzo.

Njia ya bei ni ya polepole lakini ndiyo yenye faida. Wanunuzi hulipia zaidi nafasi ambayo matangazo yake huonekana kweli, na kipimo kinachotumika ni kwamba nusu ya eneo la tangazo iwe kwenye skrini kwa angalau sekunde moja. Tangazo lililowekwa juu kabisa, kabla ya kichwa cha habari, linaelekea kuwa ndilo la thamani kubwa, na kwenye simu mara nyingi sivyo. Msomaji wa blogu ya ajira ameshajua anachotaka. Ukurasa ukifunguka tu kidole chake kinasukuma juu kutafuta siku ya mwisho ya maombi, na tangazo linamaliza kupakiwa wakati ameshalipita. Likihamishwa chini ya aya ya pili, au chini kidogo ya mahali anaposimama kusoma sifa za mwombaji, linamkuta ametulia. Ripoti ya AdSense huonyesha asilimia ya matangazo yaliyoonekana kwa kila nafasi, kwa hiyo hapa hakuna haja ya kubahatisha.

Nafasi hiyo inafaa itengewe kimo chake tangu mwanzo:

```html
<div style="min-height:280px"> ... </div>
```

Bila hivyo, maandishi huruka tangazo linapoingia, na msomaji aliyetaka kugusa kiungo anajikuta amegusa tangazo. Mguso wa namna hiyo haumfaidishi mwenye blogu. Mtandao unaposhuku mibofyo isiyo ya kweli hukata mapato yake na unaweza kuwekea akaunti kikomo cha kuonyesha matangazo. Adhabu hiyohiyo, au kufungiwa kabisa, humpata anayebofya matangazo yake mwenyewe na anayewaomba rafiki zake "wamuunge mkono" kwa kubofya. Simu kumi za jamaa kwenye Wi-Fi moja hazihitaji mpelelezi.

Turudi kwenye mfano. Matangazo yakibaki matatu lakini yakihamishwa, na bei ya wastani ikipanda hadi senti 32, kila kurasa elfu huleta senti 96. Kwa kurasa zilezile 40,000 hiyo ni dola 38.40.

Sehemu nyingine ya bei haiko kwenye mpangilio wa ukurasa hata kidogo. Iko kwa msomaji: yuko wapi na anatafuta nini. Mnada wa msomaji aliyeko London au Minneapolis huwa na wanunuzi wengi kuliko wa aliyeko Tabora, na makala kuhusu mikopo au bima huvutia fedha zaidi kuliko orodha ya walioitwa kwenye usaili. Blogu ya ajira haiwezi kuhamisha wasomaji wake, ila inaweza kuandika kuhusu mambo ya jirani ambayo wasomaji haohao wanayahitaji, kama vile mkopo wa elimu ya juu, makato ya mshahara wa kwanza, au kozi za ufundi. Ikiwa ina wasomaji Ulaya au Uingereza, tangu Januari 2024 inatakiwa kuwaonyesha ujumbe wa ridhaa ya vidakuzi kupitia mfumo ulioidhinishwa. Isipofanya hivyo, hukosa matangazo ya thamani kwa wasomaji walewale wenye bei kubwa.

Page RPM pia hupotosha pale inaposomwa peke yake. Siku ya kawaida blogu ya mfano huwa na kurasa 1,300 kwa senti 96, yaani kama dola 1.25. Siku NECTA inapotangaza matokeo, kurasa huruka hadi 20,000. Watu wanaingia, wanatazama jina moja, wanatoka. Page RPM inaporomoka hadi senti 35, lakini mapato ya siku ni dola 7. Aliyeona namba ya kwanza tu ataanza kuvunja mpangilio ambao hauna kosa. Ndiyo maana mabadiliko yoyote hupimwa kwa kulinganisha ukurasa uleule, kwa wasomaji wa aina ileile, wiki mbili kabla na wiki mbili baada.

Tena wiki hizo zisivuke mwaka mpya. Novemba na Desemba kampuni humaliza bajeti zao na bei za mnada hupanda, kisha Januari hushuka ghafla. Anayehamisha tangazo tarehe 2 Januari na kuona mapato yamepungua hawezi kujua kama tatizo ni tangazo au ni kalenda. Kipimo chake cha haki ni Januari ya mwaka uliotangulia.