Maji Yachemkapo Tukuyu: Matokeo na Majadiliano katika Ripoti ya Jaribio

Katika somo lililopita tuliandika sehemu za mwanzo za ripoti ya jaribio: kichwa, dhumuni, vifaa, na jinsi tulivyofanya. Leo tunaingia katika sehemu mbili zinazowachanganya watu wengi, nazo ni Matokeo na Majadiliano. Itazameni karatasi yenu ya mfano. Mtaona nafasi mbili zilizotengwa kwa mstari. Juu ya mstari huo huandikwa yale mliyoyaona na kuyapima. Chini yake huandikwa yale mnayoyafikiri juu ya hayo mliyoyaona.

Tuchukue jaribio ambalo darasa lolote la hapa Tukuyu laweza kulifanya. Tunataka kujua maji huchemka kwa joto gani. Tumetia lita 1 ya maji katika sufuria, tumeibandika juu ya jiko la mafuta ya taa, na tumening'iniza kipimajoto kwa uzi, tumbo lake likiwa ndani ya maji bila kugusa sufuria. Kila baada ya dakika 2 mtu mmoja anasoma joto kwa sauti, na mwingine anaandika. Tuseme tumepata hesabu hizi, katika digrii za sentigredi:

Mwanzo: 20
Dakika 2: 36
Dakika 4: 51
Dakika 6: 65
Dakika 8: 78
Dakika 10: 89
Dakika 12: 94.5
Dakika 14: 94.5
Dakika 16: 94.5

Basi, hayo ndiyo matokeo. Chini ya orodha hiyo mwaweza kuongeza maneno machache: “Mapovu makubwa yalianza kupanda katika dakika ya 12. Tangu hapo joto halikuongezeka, ingawa moto ulikuwa ule ule. Tulirudia jaribio mara 2 zaidi, na maji yakachemka kwa digrii 95, kisha kwa digrii 94.5.” Haya yote yalionekana kwa macho. Mtu aliyesimama karibu na jiko hawezi kuyabisha, hata kama hajui sababu yake.

Angalieni tena ile 94.5. Kipimajoto chetu kina alama moja kwa kila digrii. Jicho laweza kukisia nusu ya nafasi kati ya alama mbili, lakini haliwezi kuona zaidi ya hapo. Mwanafunzi akiandika 94.73 nitamwuliza aliisoma wapi.

Sasa hapa ndipo mtego ulipo. Kitabu cha sayansi kinasema kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Mwanafunzi anatazama kitabu, anatazama kipimajoto, halafu anaona haya. Anaifuta 94.5 na kuandika 100. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipokuwa kijana shuleni, katika nchi ya milima kama hii, nikapewa alama ya vema. Ile alama ya vema ilikuwa hasara kwangu, kwa sababu kosa halikuwamo katika 95 yangu. Nilikuwa nimeona jambo la kweli kuhusu mahali niliposimama, nami nikalifuta kwa kifutio. Mkiifuta hesabu ya juu ya mstari, hapatabaki kitu cha kujadili chini yake.

Kwa hiyo iacheni 94.5, kisha shukeni chini ya mstari. Majadiliano yetu yataanza na swali moja: kwa nini tumepungukiwa na digrii 5 na nusu? Darasani watu watatoa sababu nyingi. Kila moja tuipime kwanza kabla ya kuiandika.

Mmoja atasema, “Labda moto ulikuwa mdogo.” Rudini katika matokeo. Katika dakika ya 12, ya 14 na ya 16 joto lilisimama pale pale, na maji yalikuwa yakitokota. Moto mdogo ungechelewesha maji kuchemka, lakini maji yakishachemka, nguvu ya moto hutumika kuyageuza kuwa mvuke. Ukiongeza moto, maji yatapungua upesi zaidi sufuriani, wala hayatakuwa ya moto zaidi. Sababu hiyo inaanguka.

Mwingine atasema, “Labda maji yalikuwa na chumvi au uchafu.” Chumvi ikiyeyuka katika maji huyafanya yachemke kwa joto la juu kidogo. Yetu yamechemka kwa joto la chini. Hiyo nayo inaanguka.

Wa tatu atasema, “Labda kipimajoto ni kibovu.” Hili ni wazo jema, tena linaweza kujaribiwa. Saga barafu, itie katika kikombe pamoja na maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza kipimajoto. Barafu inayoyeyuka lazima isomeke 0. Kikisoma chini ya 0 kwa digrii 5, tumempata mwizi wetu. Kikisoma 0, hatuna tena sababu kubwa ya kukishuku, ingawa ni vizuri kutaja kwamba sehemu kubwa ya kipimajoto ilikuwa nje ya maji, katika hewa ya baridi, na jambo hilo laweza kupunguza hesabu kidogo.

Imebaki hewa. Hewa ina uzito, nayo inayakandamiza maji ya sufuriani. Povu la mvuke haliwezi kukua ndani ya maji mpaka mvuke wake uwe na nguvu ya kushindana na mkandamizo huo. Digrii 100 ya kitabuni ni ya mahali palipo sawa na bahari. Sisi wa Tukuyu tunakaa juu, kama mita 1,500 au zaidi kidogo, na sehemu ya hewa imebaki chini yetu. Hewa iliyo juu ya sufuria yetu ni pungufu, kwa hiyo mvuke unashinda mapema. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 300, joto la kuchemka hushuka kama digrii 1. Gawanyeni 1,500 kwa 300, mtapata 5. Toeni katika 100, mtapata 95. Hesabu yetu iko karibu nayo kwa nusu digrii, na nusu digrii ndiyo kiasi ambacho jicho letu laweza kukosea.

Majadiliano yana mpaka pia. Mama mmoja atasema, “Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva huku kwetu kuliko Kyela.” Inawezekana sana, maana maji yanayochemka huku yana joto dogo kuliko ya huko. Lakini katika jaribio hili hatukupika maharage. Andikeni “huenda,” au pikeni maharage ya gunia moja katika mahali pote pawili, kisha mwandike ripoti nyingine.

Jambo la mwisho la kuandika katika Majadiliano ni jaribio litakaloweza kutuumbua kama tumekosea. Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ni chini ya mita 500. Kama sababu yetu ni ya kweli, kipimajoto hiki hiki kikipelekwa huko kitasoma kama digrii 98 maji yakichemka. Kikisoma 94.5 tena, basi maelezo yetu ya hewa yana walakini, lakini matokeo ya Tukuyu yatabaki kama yalivyoandikwa.

Sasa chukueni kalamu. Kabla ya somo lijalo, andikeni Majadiliano ya darasa la Matema lililopata digrii 96 mara 3. Barafu yao ilisomeka digrii 2 chini ya 0.