Barua ya kudai deni la kazi: namna ya kuiandika bila ya vitisho

Tumeulizwa na fundi seremala mmoja wa Unguja, ambaye jina lake tunalihifadhi, kuhusu deni la kazi aliyoifanya na hajalipwa. Tunalijibu suali lake kwa urefu kwa sababu mafundi, washoni, wapishi wa shughuli na wenye gari za mizigo wengi yamewafika kama yake.

Alikubaliana na mwenye nyumba ya wageni ya pwani kumtengenezea vitanda 6 kwa shilingi 450,000 kila kimoja, na milango 3 kwa shilingi 300,000 kila mmoja. Jumla ni 3,600,000. Alipewa 1,500,000 za kuanzia kazi. Mzigo ulifika tarehe 22 Februari 2025 na msimamizi akatia saini kwenye karatasi ya kupokelea. Ankara namba 017 ilipelekwa tarehe 24 Februari, ikitaka salio la 2,100,000 lilipwe ndani ya siku 30, yaani hadi 26 Machi. Ikasemwa "subiri Idi ipite". Idi ikapita. Ikasemwa masika wageni hakuna. Sasa simu hazipokelewi, na fundi anataka kuandika barua. Rasimu aliyotuletea ilikuwa na kurasa mbili, ndani yake mmetajwa polisi, kundi la wasapu la kijiji na faini ya asilimia 10 kwa kila mwezi.

Tuanze na hiyo faini, kwani ndiyo inayogusa dini moja kwa moja. Nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba, hata ikiitwa faini au fidia ya usumbufu. Na ukiiacha dini pembeni, nyongeza ambayo haikuwamo katika makubaliano inampa mdaiwa kitu cha kubishania. Badala ya kujibu kuhusu 2,100,000, atajibu kuhusu asilimia 10. Kiasi kilichomo katika barua kiwe kile kile kilichomo katika ankara, hadi shilingi ya mwisho. Gharama za mahakama, ikiwa mambo yatafika huko, ni suala jengine na mahakama ndiyo itakayoliamua.

Polisi nao waondoke. Kutolipa ankara, pasipo na udanganyifu wala wizi, ni dai la madai na si kosa la jinai. Kumwambia mtu "utalala ndani" ili atoe pesa ni kumtisha kwa jambo usilo na mamlaka nalo, na barua hiyo anaweza kuja kuionesha yeye dhidi yako. Kumtangaza kwenye kundi la wasapu ni hivyo hivyo, na humo mna watoto wake na wakwe zake ambao deni haliwahusu.

Hapa wengi huuliza: sasa barua itakuwa na nguvu gani? Mtume (S.A.W.) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, kwa hiyo mwenye haki hana sababu ya kuomba kama anayeomba sadaka. Tofauti ya msimamo na kitisho ni ndogo lakini iko wazi. Ukitaja hatua ya halali, unayoweza kuichukua na uliyokusudia kuichukua, huo ni msimamo. Ukitaja madhara ya kumtia hofu tu, hicho ni kitisho. Barua ya fundi wetu, baada ya kuipunguza pamoja naye, imekuwa hivi:

"12 Mei 2025. Kwa mmiliki wa nyumba ya wageni. Kuhusu: salio la ankara namba 017, shilingi 2,100,000.

Assalaamu alaykum. Tarehe 22 Februari 2025 nilikukabidhi vitanda 6 na milango 3 kwa bei tuliyokubaliana ya shilingi 3,600,000. Msimamizi wako alipokea na kutia saini. Ulilipa 1,500,000. Salio la 2,100,000 lilitakiwa kulipwa hadi 26 Machi 2025 na hadi leo halijalipwa. Nimeambatanisha nakala ya ankara na ya karatasi ya kupokelea.

Naomba salio lote lilipwe hadi Jumatatu, 26 Mei 2025, kwa namba ya simu iliyomo katika ankara. Ikiwa kuna sehemu ya dai hili usiyokubaliana nayo, nijuulishe kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, ueleze ni ipi na kwa nini. Ikiwa huwezi kulipa zote kwa pamoja, niandikie kiasi na tarehe unazoziweza.

Nisipopata malipo wala jawabu hadi tarehe hiyo, nitalifungulia dai hili mahakamani bila ya kukuandikia tena."

Basi. Hakuna habari ya jinsi alivyovunjwa moyo, wala ya kuwa ana watoto wanaosoma. Ni kweli zote mbili, lakini msomaji wa pili wa barua hii huenda akawa hakimu, naye atatafuta kilichouzwa, kilichopokelewa, kilicholipwa na kilichobaki.

Tazameni tarehe ya mwisho. Rasimu ya kwanza ilisema "haraka iwezekanavyo", na maneno hayo hayana siku ya kumalizika. Siku 14 zinatosha mtu kutafuta pesa au kujibu. Chagueni siku ya kazi, na muiandike tarehe yenyewe, kwani "wiki mbili" huzua ubishi wa kuanzia lini.

Ile sentensi ya kulipa kidogo kidogo hatukuitia kwa upole tu. Suratul Baqara, aya ya 280, inataka mwenye dhiki apewe muda, na ni kweli kwamba nyumba nyingi za wageni hukaukiwa wakati wa masika. Lakini dhiki isemwe, isikisiwe. Akiandika kwamba atalipa 700,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, amelikiri deni kwa mkono wake, na hilo peke yake ni faida kubwa. Asiyepokea simu hajasema kuwa ana dhiki.

Akijibu kwamba vitanda viwili vina kasoro, msigombane kuhusu vyote. Mwambieni alipe sasa ile sehemu asiyoipinga, na hivyo viwili mkavitazame pamoja.

Barua ichapwe nakala mbili. Moja apewe mwenyewe, ya pili atie saini na tarehe, mrudi nayo. Akikataa kusaini, nendeni na shahidi, muandike siku na saa aliyoachiwa, kisha mpige picha barua na kumpelekea kwa wasapu yake binafsi. Ikiwa biashara ni ya kampuni, barua iende kwa jina la kampuni. Msimamizi aliyepokea mzigo si mdaiwa.

Tarehe ikipita kimya, wengi huanza kwa sheha ili awakalishe pamoja, nako ni kuzuri, ila yeye ni msuluhishi, hatoi hukumu. Mahakama ya Kadhi nayo kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana nayo. Dai la biashara kama hili hupelekwa mahakama za kawaida, na hapo karani atakuelezeni daraja inayofaa kwa kiasi chenu na ada yake. Chukueni barua iliyosainiwa, ankara na karatasi ya kupokelea. Msiandike "barua ya mwisho" ya pili, kwa sababu mdaiwa ataanza kuisubiri ya tatu.

Na akilipa, hata kwa kuchelewa, mpeni risiti siku hiyo hiyo, iandikwe kuwa ankara namba 017 imelipwa yote na hakuna kilichobaki.