Siku ya mkoba huanzia kwenye daftari

Huduma ya mkoba kijijini huanza siku kadhaa kabla, muuguzi wa zahanati anapopekua daftari la watoto. Tuseme amepata watoto 14 wanaostahili chanjo ya surua-rubela, watano wakiwa wamepitwa na tarehe. Majina ya hao watano anampa mhudumu wa afya ya jamii, awapitie nyumbani. Tangazo la msikitini au kanisani pekee haliwafikii.

Kichupa kimoja kina dozi 10, hivyo watabeba viwili, na maji yake ya kuchanganyia. Kikishachanganywa, kinachobaki baada ya saa sita humwagwa. Hata hivyo, mtoto mmoja akifika, kifunguliwe. Mama aliyerudishwa huenda asije tena.

Kosa kubwa hutokea asubuhi: barafu kutolewa kwenye friza na kuingizwa moja kwa moja kwenye kibebea chanjo. Chanjo ya penta ikiganda imeharibika. Pakiti ziachwe nje hadi ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani.

Mmoja achanje, mwingine aandike. Jioni, dozi zilizotumika, zilizomwagwa na zilizorudishwa bila kufunguliwa zilingane na zilizobebwa, na wasiofika waingie kwenye orodha ya kufuatiliwa.