Likizo ya Kujifunza Kuzamia: Anza Kuhesabu Kutoka Siku ya Kurudi

Matangazo mengi ya likizo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa huahidi cheti kwa siku nne. Kabla hujalipa, uliza jambo moja: mbizi ya mwisho itamalizika saa ngapi, na ndege itaondoka saa ngapi?

Mzamiaji akiwa chini ya maji, nitrojeni ya hewa avutayo huyeyuka mwilini mwake, kisha hutoka polepole baada ya kuibuka. Akipanda ndege mapema, shinikizo la hewa hupungua na gesi hiyo huweza kufanya mapovu, yanayoleta maumivu ya viungo, ganzi au hata kupooza. Kwa hiyo, aliyezamia siku kadhaa mfululizo hushauriwa angoje angalau saa 18. Safari ya basi kwenda nyanda za juu nayo ina hatari hiyo. Boti ya kutoka Unguja hadi Dar es Salaam haina.

Tuchukue mfano wa mgeni afikaye Unguja Alhamisi na kuondoka kwa ndege Jumatatu saa 12 asubuhi. Mbizi yake ya mwisho ikimalizika Jumapili saa 9 alasiri, atakuwa amengoja saa 15 tu. Kifurushi hicho hakifai, hata kikiwa rahisi.

Cheti cha awali, kinachomruhusu mwanafunzi kuzamia hadi mita 18, huhitaji nadharia, mazoezi katika maji ya kina kifupi, na mbizi 4 baharini, ambazo kwa kawaida huchukua siku 2. Ongeza siku moja ya akiba, kwa kuwa mafua huziba masikio na upepo huzuia mashua, kisha siku nzima ya kukaa nchi kavu. Usiku 7 watosha. Mwenye muda mfupi aweza kumaliza nadharia na mazoezi ya bwawani kwao, akaja na barua ya mwalimu wake. Au achague mbizi ya majaribio, ambayo haizidi mita 12 wala haimpatii cheti.

Kuhusu majira, epuka masika, Aprili na Mei, mvua inapotia maji tope. Anayeanza huhitaji kumwona mwalimu wake vizuri, na maji meupe humpunguzia hofu. Kati ya Oktoba na Machi maji huwa maangavu zaidi. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, pwani ya mashariki hupata mawimbi makubwa. Chagua upande wa magharibi uliokingwa.

Mwisho, dai kwa maandishi: bei inajumuisha vifaa na ada ya cheti? Na usipomaliza kwa sababu ya ugonjwa au bahari kuchafuka, utarejeshewa nini? Jaza pia fomu ya afya kabla ya kusafiri, kwani jibu moja la «ndiyo» huweza kudai idhini ya daktari.