Mstari mmoja wa hesabu, majibu matatu

Mwaka 1669 Isaac Newton alieleza njia yake ya kutafuta mizizi ya milinganyo kwa mfano huu: x³ − 2x − 5 = 0. Tuutatue kwa karatasi na kalamu, kwa sababu ndani yake kuna ufundi ambao wengi waliosoma hisabati huupita bila kuuona.

Tukianza kwa kubahatisha x = 2, njia ya kawaida ni kukokotoa x³ kando, 2x kando, kisha kujumlisha. Njia bora ni kuandika polinomia kwa mabano yaliyopandana: ((1·x + 0)·x − 2)·x − 5. Chukua namba ya kwanza, zidisha kwa 2, ongeza namba inayofuata, zidisha tena, ongeza tena. Kumbuka kuandika sifuri mahali pa x², kwani haimo kwenye mlinganyo; ukiisahau, hesabu yote inaharibika na hakuna kitakachokuonya.

Namba 1, 0, −2, −5 zinatupa mstari huu: 1, 2, 2, −1. Namba ya mwisho, −1, ndiyo thamani ya polinomia pale x = 2. Bado hatujafika sifuri, lakini tuko karibu.

Watu wengi huchukua hiyo −1 na kuzitupa zile za kabla yake. Huko ni kutupa mali. Namba 1, 2, 2 ni polinomia nyingine, x² + 2x + 2, nayo ndiyo tunayopata tukigawanya ile ya mwanzo kwa x − 2. −1 ni baki. Kwa maneno mengine, x³ − 2x − 5 ni sawa na (x − 2)(x² + 2x + 2) − 1.

Sasa tunahitaji kujua polinomia inabadilika kwa kasi gani pale kwenye 2, yaani mteremko wa mchoro wake. Tazama mlinganyo huo wa mwisho: x ikisogea kidogo sana kutoka 2, badiliko lote linatokana na (x − 2) kuzidishwa na ile polinomia ya pili. Kwa hiyo mteremko ni thamani ya x² + 2x + 2 pale x = 2. Rudia kazi ileile juu ya 1, 2, 2: unapata 1, 4, 10. Mteremko ni 10.

Newton anatuambia tugawanye thamani kwa mteremko na kuondoa matokeo kwenye makisio yetu: 2 − (−1 ÷ 10) = 2.1. Mzunguko wa pili, kwa x = 2.1, unatoa 1, 2.1, 2.41, 0.061, na chini yake 1, 4.2, 11.23. Tunaondoa 0.061 ÷ 11.23 na kupata takribani 2.09457. Mzunguko wa tatu unatufikisha 2.0945515, na baki imekuwa ndogo mno.

Hapo mzizi umepatikana, na kuugawanya utoke hakuhitaji kazi mpya. Mstari wa kwanza kwa namba hiyo ni 1, 2.0945515, 2.387146, kisha karibu sifuri. Kilichosalia ni x² + 2.0945515x + 2.387146 = 0, ambao unatatuliwa kwa kanuni ya shuleni. Chini ya alama ya kipeuo tunapata takribani −5.16. Ni hasi, kwa hiyo mizizi miwili iliyobaki ni namba changamano, na mchoro unakata mstari wa x mara moja tu.

Kuna hali mbili za kuangalia. Thamani na mteremko vikipungua pamoja kuelekea sifuri, huenda umekutana na mzizi unaojirudia. Njia ya Newton haijavunjika, ila itakwenda polepole: kwa mzizi wa mara mbili, kosa hupungua kwa takribani nusu tu kila mzunguko.

Ya pili ni nzito zaidi. Namba 2.0945515 imekatwa desimali zake, hivyo polinomia iliyosalia ina kasoro ndogo, na mizizi yake huirithi. Kwa kipeo cha tatu si tatizo, lakini kwa kipeo kikubwa kasoro hujilimbikiza. Mwingereza James Wilkinson alichunguza polinomia yenye mizizi 1 hadi 20: ukibadilisha namba iliyo mbele ya x¹⁹, ambayo ni −210, kwa chini ya sehemu moja ya milioni nane, baadhi ya mizizi hugeuka kuwa namba changamano.

Kwa hiyo anza kutoa mizizi iliyo karibu zaidi na sifuri, ndipo uende kwa mikubwa. Na kila mzizi utakaoupata kwenye polinomia iliyokwisha kugawanywa, urudishe kwenye polinomia ya mwanzo na kuupitisha mzunguko mmoja au miwili kabla ya kuuandika kama jibu.