Maneno Yanayomvusha Mteja Kutoka Kapu Hadi Malipo

Maandishi ya kitufe, kidokezo cha fomu na ujumbe wa uthibitisho ndiyo sauti pekee ya duka la mtandaoni mteja anapofika hatua ya kulipa. Dukani kwa kawaida angemuuliza muuzaji bei ya usafiri, angeona pesa ikipokelewa, angeondoka na risiti. Kwenye skrini ya simu, sentensi nne au tano ndizo zinazobeba mambo hayo yote, na moja ikipungukiwa mteja huahirisha ununuzi, au hulipa mara mbili.

Tuchukue duka la vyombo la Nairobi linalopokea malipo kwa M-Pesa. Mteja ameweka kapuni seti ya sufuria ya Ksh 3,200, na usafiri ni Ksh 250. Jambo la kwanza analoombwa ni namba ya simu, na hapo utata huanza mapema. Kisanduku kilichoandikwa "Namba ya simu" hakisemi kama inatakiwa namba ya kulipia au ya kupigiwa na mleta mzigo. Wengi wana laini mbili, na wengine hulipiwa na ndugu. Ni bora kisanduku kiitwe "Namba ya M-Pesa itakayolipa", na chini yake kidokezo kiseme: "Ombi la malipo litatumwa kwenye simu hii." Kidokezo kikae nje ya kisanduku. Kikiandikwa ndani kwa rangi ya kijivu hutoweka mara mteja anapogusa herufi ya kwanza, yaani wakati uleule anapokihitaji.

Mfumo wa Safaricom wa kuunganisha maduka na M-Pesa hupokea namba katika umbo la 2547XXXXXXXX, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Kuna maduka yanayomtwika mteja kazi hiyo, akiandika namba yake jinsi anavyoijua hujibiwa "Muundo si sahihi". Kompyuta inaweza kuondoa nafasi na kubadilisha sifuri kuwa 254 bila kumsumbua mtu. Ujumbe wa kosa ubaki kwa makosa ya kweli, na utaje kosa lenyewe: "Namba hii ina tarakimu 9. Inayoanza na 0 huwa na tarakimu 10." Kwa upande wa anwani, mahali ambapo nyumba nyingi hazina namba, kidokezo kinachofaa ni kile kinachoomba jina la jengo, barabara na kitu kinachojulikana kilicho karibu.

Kisha huja kitufe. "Tuma", "Endelea" na "Kamilisha" ni maneno yanayoweza kukaa popote, kwa hiyo hayamwambii mteja kama akibofya pesa itatoka. Afadhali kitufe kiseme "Lipa Ksh 3,450 kwa M-Pesa", na chini yake: "Pesa haitakatwa mpaka uweke namba ya siri kwenye simu yako." Jumla iwe imejumuisha usafiri. Katika Umoja wa Ulaya jambo hili limewekwa kisheria: agizo la mwaka 2011 kuhusu haki za mlaji linataka kitufe cha mwisho kionyeshe wazi kwamba kubofya ni kukubali wajibu wa kulipa, la sivyo mlaji hafungwi na mkataba. Ndiyo maana maduka mengi ya Ujerumani huandika "zahlungspflichtig bestellen", maana yake kuagiza kwa wajibu wa kulipa. Mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua, katika kesi ya vyumba vya hoteli vilivyowekwa mtandaoni, kwamba kinachopimwa ni maneno yaliyo juu ya kitufe chenyewe, hata kama maelezo mengine ya ukurasa yanaeleweka.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya kusubiri, nayo ndiyo maduka mengi huiacha bila neno. Mteja akishabofya, ombi hutumwa kwenye simu likionyesha jina la mpokeaji na kiasi. Anaweka namba ya siri, M-Pesa inashughulikia muamala, kisha jibu hurudi kwenye kompyuta ya duka. Katika muda huo ukurasa haujui lolote. Ukionyesha duara linalozunguka tu, mteja hudhani umekwama, hubofya tena, ombi la pili hufika, naye huweka namba ya siri tena. Ujumbe wa kufaa ni huu: "Angalia simu yako. Tumetuma ombi la Ksh 3,450 kwenye namba inayoishia na 418. Weka namba ya siri kwenye simu, usiiandike hapa. Usibofye tena, tunasubiri jibu la M-Pesa." Kutaja tarakimu za mwisho humwezesha aliyekosea namba kugundua mara moja. Kitufe chenyewe kizimwe wakati huo, kwa sababu ombi la maneno peke yake halimzuii mtu mwenye wasiwasi.

Kuna tatizo jingine hapa ambalo wenye maduka hulisahau kwa kuwa wao hawalioni. Duka likipokea pesa kupitia kampuni ya kati, jina linalotokea kwenye simu huwa la kampuni hiyo. Mteja mwangalifu, anayeogopa matapeli kwa haki kabisa, hukataa kulipa. Sentensi moja inatosha: "Kwenye simu utaona jina la kampuni inayotupokelea malipo," ikifuatwa na jina lenyewe.

Malipo yasipofanikiwa, M-Pesa hurudisha msimbo: 1 kwa salio lisilotosha, 1032 kwa mteja aliyeghairi, 1037 kwa simu isiyofikika au isiyojibu. Kumwonyesha mteja "Hitilafu 1037" ni kumpa lugha ya mafundi. Kila msimbo una sentensi yake: "Salio halitoshi; hakuna pesa iliyokatwa." "Umeghairi malipo. Kapu lako bado lipo." "Hatukuweza kuifikia simu yako. Hakikisha imewashwa na ina mtandao, kisha ujaribu tena." Hali ya nne ni ya hatari zaidi, pale jibu linapochelewa. Duka haliruhusiwi kusema malipo yameshindikana ilhali halijui. Liseme: "Bado hatujapata jibu. Ukiwa umepokea ujumbe wa M-Pesa kwamba umelipa, usilipe tena. Andika hapa namba ya muamala." Namba hiyo yenye herufi na tarakimu 10 humpa mhudumu pa kuanzia.

Uthibitisho nao utenganishe mambo mawili yanayochanganywa mno: agizo kupokewa na pesa kupokewa. "Asante, umefanikiwa" haisemi lipi kati ya hayo limetokea. Inayotosha ni hii: "Tumepokea Ksh 3,450. Agizo namba 2081: seti ya sufuria. Italetwa Alhamisi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mleta mzigo atakupigia kwanza." Kisha namba ya muamala na ya huduma kwa wateja. Maneno hayohayo yatumwe kwa ujumbe mfupi, maana ukurasa hufungwa na chaji ya simu huisha.

Kumbukumbu za malipo huonyesha maneno yalipoteleza. Misimbo 1032 ikirundikana sekunde chache baada ya ombi, pengine jina au kiasi kiliwashtua wateja. Malipo mawili ya kiasi kimoja kutoka namba moja ndani ya dakika chache yanaelekeza kwenye ujumbe wa kusubiri. Wateja wakipiga simu kuuliza "mmepata pesa?", uthibitisho haujasema. Lakini wakitoroka pale tu gharama ya usafiri inapotokea, hakuna neno la kitufe litakalowarudisha; gharama hiyo ilipaswa kuonekana tangu kwenye kapu.