Mteja wa Kwanza Awe wa Kuigiza

Novemba 2022, abiria mmoja nchini Kanada alifiwa na bibi yake, akaingia kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada kutafuta tiketi ya kwenda Toronto. Shirika hilo lina nauli nafuu kwa wanaosafiri kwa ajili ya msiba, naye akaiuliza habari zake roboti ya mazungumzo iliyokuwa pale kwenye tovuti. Roboti ikamjibu kwamba akate tiketi kwa bei ya kawaida, kisha aombe kurudishiwa tofauti ndani ya siku 90. Akafanya hivyo. Alipodai haki yake akaambiwa kwamba nauli ya msiba haiombwi baada ya safari, na kwamba ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo unasema hivyo waziwazi.

Kesi ilifika kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia. Shirika likajitetea kuwa roboti ile yapasa kuwajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza likakataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe fidia ya dola 650.88 za Kanada, pamoja na riba na gharama za kesi.

Swali aliloliuliza abiria yule ni la kawaida kabisa kwa mtu aliyefiwa: naweza kusafiri sasa, mambo ya punguzo tuyamalize baadaye? Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye dawati la tiketi angelitarajia. Kwa hiyo lingeweza kuulizwa kabla roboti haijafunguliwa kwa umma, likaulizwa mara mia kwa njia mia. Siku hizi kazi hiyo hupewa modeli ya pili ya akili mnemba, inayoagizwa kujifanya mteja na kuzungumza na ile ya kwanza mpaka udhaifu wake ujulikane.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1997 watafiti Eckert, Levin na Pieraccini walipendekeza mifumo ya mazungumzo ya simu ipimwe kwa mtumiaji wa kuigiza, na mwaka 2007 Jost Schatzmann na wenzake wa Cambridge wakatengeneza mteja mwenye orodha ya mambo anayoyataka, akiyashughulikia moja baada ya jingine. Wateja wale wa zamani waliongozwa na kanuni na takwimu, hivyo maneno yao yalikuwa machache na makavu. Modeli kubwa za lugha za leo zinaweza kuandika kama mtu mwenye haraka, mwenye hasira au asiyejua anachokitaka. Kinachoamua kama jaribio lina maana ni kadi anayopewa mteja huyo.

Kadi ni maelezo mafupi yanayomwambia mteja wa kuigiza yeye ni nani, anataka nini, anajua nini na atafiche nini mpaka aulizwe. Kwa kisa cha Kanada, kadi ingeweza kusomeka hivi: “Umefiwa na bibi yako leo asubuhi. Unataka kufika Toronto kesho. Umesikia kuna nauli ya msiba lakini huna hati ya kifo, nayo itachelewa. Anza kwa kuuliza bei tu. Ukishapewa bei, uliza kama unaweza kulipa sasa na kudai punguzo baadaye. Ukikataliwa, sema ndugu yako alifanyiwa hivyo mwezi uliopita. Andika sentensi fupi. Ukiridhika au ukikata tamaa, andika ###STOP###.”

Kila sentensi ya kadi hiyo ina kazi. Hati inayochelewa ndiyo inayomsukuma mteja kwenye swali la hatari. Agizo la kuanza na bei linamzuia asimwage shida yake yote kwenye ujumbe wa kwanza, jambo ambalo modeli hupenda kulifanya na watu hawalifanyi. Habari za ndugu zinapima kama roboti itashikilia kanuni pale inapobanwa. Na ile alama ya mwisho inauambia mfumo kwamba mazungumzo yamekwisha. Bila alama hiyo, na bila kuweka kikomo cha idadi ya zamu, modeli mbili zinaweza kushukuriana na kutakiana siku njema bila kumaliza.

Kadi moja huzaa nyingine nyingi. Badilisha jambo moja tu: mteja ameshasafiri na kurudi, au aliyefariki ni rafiki, si jamaa, au mteja anaulizia nauli ya wawili. Roboti inayojibu vizuri ile ya kwanza huweza kuteleza kwenye ya pili, na tofauti kati ya kadi hizo mbili ndiyo inayomwonyesha fundi kanuni ipi roboti haijaielewa.

Mazungumzo yakishaisha, nani aseme kama roboti imefaulu? Jibu zuri zaidi ninalolijua lilitolewa mwaka 2024 na watafiti wa kampuni ya Sierra katika kipimo walichokiita tau-bench. Walitengeneza duka na shirika la ndege la kubuni, kila moja likiwa na kanzidata yake na kanuni zake za huduma. Modeli moja ilifanya kazi ya mhudumu, nyingine ikaigiza mteja. Mwishoni hawakutazama uzuri wa maneno. Walilinganisha kanzidata ilivyobaki na ilivyopaswa kubaki. Kama mteja alistahili kubadilishiwa tarehe lakini hakustahili kurudishiwa fedha, daftari litasema ukweli hata kama mhudumu alikuwa mpole kiasi gani.

Lakini kosa la Kanada lisingeonekana kwenye daftari. Hakuna fedha iliyohama wakati wa mazungumzo. Kilichotoka ni ahadi. Kwa makosa ya aina hiyo huhitajika msomaji wa tatu, mtu au modeli, anayepewa mazungumzo yote pamoja na swali moja la ndiyo au hapana: je, mteja aliambiwa kwamba anaweza kuomba nauli ya msiba baada ya kusafiri? Ukiuliza kwa ujumla kama huduma ilikuwa nzuri, modeli itasifu adabu. Na kabla ya kuitegemea hukumu ya modeli, watu wawili wasome sehemu ya mazungumzo hayohayo na kuyatolea hukumu yao wenyewe. Wakitofautiana nayo mara kwa mara, swali liandikwe upya.

Somo jingine la tau-bench ni kurudia. Modeli ya lugha haijibu vilevile kila mara, hivyo kufaulu mara moja kunaweza kuwa bahati. Watafiti wale waliiendesha kazi ileile mara nyingi na kuuliza: roboti inafaulu mara zote? Hesabu yake inashtua. Roboti inayofaulu mara tisa kwa kumi kwenye kazi fulani ina nafasi ya asilimia 43 tu ya kufaulu mara nane mfululizo. Katika kipimo chao, modeli ya GPT-4o, iliyokuwa miongoni mwa zenye nguvu wakati huo, ilifaulu mara zote nane kwa chini ya robo ya kazi za dukani. Mwenye biashara anapaswa kuitazama namba hiyo, kwa sababu kila siku wateja wengi wataleta shida ileile, naye atawajibika kwa kila mmoja wao.

Sasa tuje kwenye udhaifu wa mbinu yenyewe. Mteja wa kuigiza ametokana na modeli iliyofunzwa kusaidia, na tabia hiyo haifichiki. Huwa mvumilivu kupita kiasi, hukubali maelezo upesi, hukumbuka namba yake ya tiketi bila kukosea. Wakati mwingine husahau nafasi yake kabisa na kuanza kumsaidia mhudumu, akimpendekezea hatua za kufuata. Mara nyingine hukiuka kadi: anatoa jambo aliloambiwa afiche, au anabuni tarehe ambayo haimo. Mazungumzo ya namna hiyo yakihesabiwa, roboti itapata lawama au sifa isiyo yake. Ndiyo maana kila mazungumzo yaliyofeli yasomwe na mtu, na swali la kwanza liwe: aliyekosea ni mhudumu au mteja?

Kwa Kiswahili tatizo hili ni zito zaidi. Ukiiambia modeli iwe mteja wa Dar es Salaam au Nairobi bila maelekezo mengine, huelekea kuandika kama barua rasmi: “Ningependa kuomba msaada wako kuhusu muamala wangu.” Mteja halisi huanza na “mambo”, anasubiri kuitikiwa, kisha anatuma “ile ela niliyotuma jana haijafika”, halafu kwenye ujumbe wa tatu anaongeza “na mm nina shida nayo leo”. Anakata maneno, anachanganya Kiingereza, anatumia Sheng, na anaweza kutuma ujumbe wa sauti. Roboti iliyofaulu kwa mteja anayeandika kama barua haijajaribiwa kwa mteja huyu.

Dawa yake ni kuanza na maneno ya watu. Kampuni yenye kituo cha simu au namba ya huduma tayari ina maswali ya wateja ya miaka mingi. Majina, namba za simu na kumbukumbu za malipo zikishaondolewa, ujumbe kumi na tano au ishirini wa mtindo mmoja unaweza kuwekwa ndani ya kadi kama mfano wa namna mteja anavyoandika. Kisha matokeo yapimwe. Linganisha urefu wa ujumbe wa mteja wa kuigiza na wa mteja halisi, na mara ngapi kila mmoja anagawa jambo moja katika vipande. Changanya mazungumzo ya aina zote mbili, uwape wahudumu wa zamani wayachambue. Wakiwatambua waigizaji mara moja, kadi bado hazijaiva.

Hata kadi zikiiva, kuna jambo hazitasema. Zinaonyesha mahali roboti inapovunjika, lakini hazijui ni wateja wangapi watapita mahali hapo. Ukiandika kadi 200 za wateja wenye hasira, hujajua bado kama wateja wako mia moja wa kesho watakuwa na hasira. Kwa hiyo roboti iliyopita majaribio ifunguliwe kwanza kwa sehemu ndogo ya wateja, huku binadamu akiwa tayari kupokea. Kila mazungumzo halisi yatakayoharibika yageuzwe kadi mpya, nayo iendeshwe upya kila maelekezo ya roboti yanapobadilishwa au modeli yake inapopandishwa toleo. Badiliko dogo la kurekebisha jibu moja huweza kuharibu jingine lililokuwa sawa wiki iliyopita, na kadi za zamani ndizo zitakazokuonyesha hilo kabla mteja hajalipa nauli kwa ahadi isiyokuwepo.